Ukiuliza "Hii Ndiyo Njia?" Utaambiwa Ndiyo

Kila likizo ikiisha naziona posti zilezile. Msee wa Nairobi amerudi kutoka safari, amechoka, viatu vimejaa vumbi, halafu anaandika ati watu wa kule alikoenda walimdanganya njia. Ati aliuliza watu watatu na wote wakamwambia ndiyo, na bado akapotea. Huko chini kwa maoni wenzake wanacheka, wanaongeza zao, na kabla ya jioni kabila zima limeshaitwa waongo.

Mimi nimezisoma hizo stori nyingi, na nikimaliza huwa namuuliza mwenye posti swali moja tu: uliuliza aje? Tafadhali niambie maneno yenyewe, vile yalivyotoka mdomoni. Karibu kila mara jibu ni hili: "Niliuliza, hii ndiyo njia ya kwenda mahali fulani?"

Sasa hapo ndipo nasema hakuna aliyekudanganya. Uliomba ndiyo, ukapewa ndiyo.

Wacha niwape mfano ninaoujua vizuri, juu ulimpata rafiki yangu na kitu alichopoteza hakirudi. Mama ya mwenzake wa shule ya upili alikuwa anazikwa Rusinga, Jumamosi. Mwenzake akamwambia kwa simu, "Fika Kisumu, uende Luanda, upande feri uvuke Mbita, tutakuchukua hapo." Maelekezo mazuri kabisa, kwa mtu wa huko. Rafiki yangu alizaliwa Nairobi, akalelewa Nairobi, na Kijaluo chake kinaishia kwa salamu na majina ya samaki. Akasafiri usiku, asubuhi yuko Kisumu. Akafika steji, akamuuliza makanga, "Hii inaenda Luanda?" Makanga akasema, "Ee, Luanda, ingia tuende."

Na gari kweli ilienda Luanda. Shida ni kwamba Luanda ni mbili. Kuna Luanda iliyo kaunti ya Vihiga, mji ulio kwenye barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia, ukishapita Maseno. Hiyo haina ziwa, haina feri, na hata lugha utakayoisikia sokoni ni Kinyore. Halafu kuna Luanda Kotieno, iliyo Rarieda, kaunti ya Siaya, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Feri ya Mbita iko hiyo ya pili. Neno lwanda kwa Kijaluo ni mwamba, kwa hivyo usishangae ukilikuta kwa jina la zaidi ya mahali pamoja katika nchi yenye mawe mengi hivyo. Mtu wa Rarieda akisema "Luanda" hana haja ya kuongeza Kotieno. Kwake ni moja tu.

Akashuka Luanda ya Vihiga. Akamwona mama anauza ndizi, akanyoosha kidole kwenye barabara ya kwanza aliyoiona, akauliza, "Feri iko upande huu?" Mama akatabasamu, akasema, "Ee." Akatembea. Akamkuta mtu wa boda, akauliza, "Nikienda hivi nitafika kwa feri?" Yule akasema, "Nitakufikisha, panda." Akapanda, akazungushwa, akashushwa mahali hajui. Aliyemwokoa alikuwa dada wa duka la dawa, ambaye hakumjibu kitu kwanza. Alimuuliza, "Unaenda wapi hasa? Unavuka kwenda wapi?" Aliposikia Mbita akashika kichwa. Ikabidi arudi na gari za Kisumu mpaka Kisian, pale barabara ya Bondo inapochepuka kutoka kwa ile ya Busia, aanze upya. Alipofika Rusinga, kaburi lilikuwa limeshafunikwa na watu wanakula.

Angalia hao watu wote waliomjibu. Makanga hakusema uongo, gari ilienda Luanda. Mtu wa boda alikuwa anatafuta riziki, na hakuahidi anapajua. Na yule mama wa ndizi? Huyu ndiye nataka tukae naye kidogo, juu ndiye anayetukanwa zaidi mitandaoni na ndiye ana kosa dogo kuliko wote.

Mgeni anakuja, ana haraka, anaongea Kiswahili cha mbio kimechanganywa na Sheng, mkono tayari umenyooka. Mama ameshika maneno mawili, pengine "upande huu." Kukataa mkono uliokwisha kunyooka ni kama kumwambia mgeni amekosea mbele za watu. Kusema sijui ni kama kumfukuza. Zaidi ya hayo, "ee" katika lugha nyingi za huku kwetu si lazima iwe ndiyo ya kukubali. Mara nyingi ni "nakusikia, endelea." Hata wewe ukiongea na nyanya yako kwa simu unasema ee, ee, ee, na nusu ya hayo maneno hujayakubali, unamwonyesha tu uko pale. Swali la ndiyo ama hapana linamruhusu mtu kukujibu bila kuelewa ulichouliza. Hilo ndilo tatizo lake lote.

Kwa hivyo dawa ni kuuliza swali ambalo "ee" haiwezi kulijibu. Badala ya "hii ndiyo njia ya feri?" uliza "njia ya feri ni ipi?" Badala ya "gari hii inaenda Luanda?" uliza "naenda Mbita kwa feri, nipande gari gani, nishuke wapi?" Unaona tofauti? Wa kwanza anaweza kutingisha kichwa. Wa pili lazima atoe kitu chake mwenyewe: jina, mkono, kidole. Akishindwa kutoa, umejua papo hapo kwamba hajui ama hajakuelewa, na hujapoteza hata dakika mbili. Na mkono wako, tafadhali, uuweke mfukoni mpaka yeye anyooshe wake. Ukinyoosha kwanza umeshamjibia.

Pia taja mwisho wa safari, sio kituo cha katikati peke yake. "Luanda" ni ya watu wengi. "Mbita kwa feri" ni moja. Mtu akijua unakotaka kulala usiku, atakurekebishia makosa ambayo wewe huyajui. Lau rafiki yangu angetaja feri pale steji, yule makanga mwenyewe angemwambia ashuke.

Mwezi uliopita nilipita njia hiyo mwenyewe, na Kijaluo changu si kizuri kuliko cha rafiki yangu. Pale Kisumu niliuliza hivyohivyo, Mbita kwa feri, nipande gani, nishuke wapi. Nikaambiwa, "Ukikosa ya moja kwa moja, panda ya Bondo, ushuke Ndori, hapo utapata ya kukufikisha." Sasa hapo nilikuwa na jina moja jipya kutoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na gari la kujaza. Si vibaya, lakini ni jibu la kuhakikisha.

Nikaingia, nikakaa karibu na mama mmoja mwenye kikapu. Tukasalimiana, gari ikatoka mjini, na baada ya muda nikamuuliza, "Mama, watu wanaoenda feri huwa wanashuka wapi?" Sikutaja Ndori. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Ningesema "nishuke Ndori, sivyo?" angesema ee, na ningekuwa na jibu lilelile la makanga limerudi kwangu kwa sauti nyingine. Alisema mwenyewe, "Ndori," halafu akaongeza, "mimi napita hapo, nitakuambia." Watu wawili wasiojuana, jina moja, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Hapo sasa naweza kulala kidogo.

Tena nilimuuliza swali jingine ambalo nawaombea nyote mlijue: "Nikiona nini barabarani, nijue nimepotea?" Alicheka. Akasema ukiona Maseno, wewe umeenda ya Busia. Swali hilo ni dogo lakini linafanya kazi hata kama simu imezima na hakuna wa kuuliza. Watu wengi hukupa alama za kukuonyesha uko sawa, kanisa, shule, mti mkubwa, na kila mahali Kenya kuna kanisa, shule na mti mkubwa. Alama ya kukuonyesha umekosea ndiyo inakusimamisha mapema.

Pale Ndori nilimkuta mzee ameketi nje ya duka. Hapa ndipo niongee kuhusu adabu, juu wengi tunadhani adabu ni mapambo ya kuongezea kwa swali. Ni sehemu ya swali lenyewe. Mtu ambaye hajasalimiwa hana sababu ya kukufikiria, atakupa jibu fupi la kukuondoa, na jibu fupi la kukuondoa kwa kawaida ni "mbele tu."

Kwa hivyo, toa eafoni masikioni, zote mbili. Kama uko kwa gari, shuka; usimwite mzee kwa dirisha kama unanunua mahindi choma. Weka simu mfukoni, na hapa naongea na sisi tunaopiga video: mtu akiona kamera anajibu kamera, hajibu wewe. Simama kando, sio mbele yake ukimzibia njia ama wateja. Salimia kwa lugha yake hata kama ni neno moja, subiri arudishe, ndipo useme shida. Asubuhi kwa Wajaluo ni "Oyawore," naye atakurudishia "Oyawore ahinya." Ukimaliza ni "Erokamano." Maneno mawili hayo hayakufanyi kuwa mwenyeji, na atajua hivyo mara moja kwa matamshi yako. Lakini yanamwambia unajua uko kwake, na kwamba aongee polepole. "Niaje buda" ibaki mtaani. Yule mzee ni baba ama mzee, yule mama ni mama, na kijana wa rika lako unaweza kumwita ndugu ama boss.

Halafu Kiswahili chako. Tunapenda kusema "hawa watu hawajui Kiswahili," kumbe hawajui Sheng. "Nadai kufika side ya feri, ni mbali na hapa ama?" Mzee atashika nini hapo? Sema, "Baba, naomba kuuliza. Njia ya kwenda feri ni ipi?" Sentensi fupi, jina la mahali liwe mwisho ndilo libaki masikioni. Ukitaka kujaribu Kijaluo, jaribu: "Yo madhi Luanda Kotieno en mane?" Yaani njia iendayo Luanda Kotieno ni ipi. Lakini jihadhari, ukiuliza vizuri sana kwa lugha ambayo huijui, utajibiwa kwa lugha hiyo, kwa kasi, na utabaki unatabasamu kama yule mama wa ndizi.

Mimi nilimwuliza mzee kwa Kijaluo na akanijibu kwa Kijaluo. Kulia kwa Kijaluo ni korachwich. Kushoto ni koracham. Yasome tena hayo maneno. Yanaanza sawasawa, na tofauti iko mwishoni, pale ambapo lori likipita sauti inamezwa. Na kuna mtego mwingine: kwa Kiswahili mkono wa kulia ni wa kula, na mwenye Kijaluo cha kuokota anajua "cham" ni kula, kwa hivyo akisikia koracham anaweza kuapa ni kulia. Ni kushoto. Ndiyo maana mimi, katika lugha nisiyoijua, siamini maneno ya kulia na kushoto hata kidogo. Natazama mkono. Na hata mkono natazama yeye ameelekea wapi, juu mtu akikutazama usoni, kulia kwake ni kushoto kwako, na wengine wanasema kwa kukuonea wewe, wengine kwa kujionea wao.

Kinachosaidia ni hiki. Geuka usimame naye bega kwa bega, mtazame upande mmoja, ndipo umrudishie jibu kwa mkono wako. Mzee alikuwa ameelekeza kwa kidevu, na upande ule kulikuwa na njia mbili, moja pana na moja nyembamba. Nikasimama kando yake, nikanyoosha mkono katikati, nikasema "Luanda Kotieno?" nikanyamaza. Hakusema ee. Alinishika kifundo cha mkono akausogeza mpaka ukakaa kwenye ile pana, akausukuma mbele mara mbili. Hilo ndilo jibu. Hakuna neno la lugha yoyote hapo la kukosea.

Swali linalofuata kwa kila mtu ni umbali, na hapa wengi ndipo hulia zaidi. "Niliambiwa ni hapo tu, nikatembea saa nzima." Sasa, mtu anayetembea kila siku kwenda shamba, soko na kanisani ana "hapo tu" tofauti na yako wewe unayeshika boda kutoka lango mpaka dukani. Kwa Kijaluo karibu ni machiegni na mbali ni mabor, lakini kuyajua maneno hayo hakukusaidii, kwa sababu shida haiko kwa neno, iko kwa miguu. Sikiliza badala yake urefu wa sauti. "Pale" ni pale. "Paaale" ni kutembea. "Kuuuuule," na kidevu kikiinuka juu na macho kufinywa, hiyo tafuta gari. Mimi hili naliamini kuliko kilomita.

Njia nzuri zaidi ni kuuliza pesa. Lakini usimwulize mwenye boda, kwa sababu bei yake imebeba sura yako, begi lako na lafudhi yako ya Nairobi. Muulize mwenye duka: "Wewe ukienda huko kwa boda, huwa unalipa ngapi?" Jibu moja limekupa vitu viwili. Umejua umbali, juu bei ya mwenyeji inaufuata umbali, na umejua utasimama wapi ukianza kuelewana na mwenye boda. Kama hakuna kulipa, ni kutembea, usiulize "ni dakika ngapi," uliza "nikitoka sasa hivi, nitafika saa ngapi?" Mtu akilazimika kutaja saa anaitembea ile njia kichwani. Dakika tano hutajwa tu kwa wema.

Na nani wa kuulizwa? Mimi natafuta mtu ambaye kazi yake inamweka mahali pamoja na kumkutanisha na wageni. Mwenye duka, mtu wa M-Pesa, muuzaji wa dawa, fundi wa viatu. Hawa wanajua njia kwa sababu wanaulizwa kila siku, na Kiswahili wanacho kwa sababu ya biashara. Anayetembea barabarani anaweza kuwa mgeni kama wewe. Wenye boda wanajua njia kuliko sisi wote, lakini waulize ukiwa tayari kupanda, la sivyo unamwuliza mtu akupe bure kitu anachouza.

Kuna steji ambapo ukiuliza mmoja wanajibu sita. Vijana wengi huona hiyo ni fujo na kuondoka. Usiondoke. Wakianza kubishana kwa lugha yao, nyamaza, sikiliza majina ya mahali na utazame mikono. Jina linalorudiwa na zaidi ya mmoja, na mkono ambao wengine wanauacha bila kuusahihisha, huo ndio wako. Wakibishana kwa muda mrefu, kuna uwezekano wote wako sawa: huyu anakupa njia ya gari, yule njia ya miguu, mwingine ile ya wakati mvua imenyesha. Basi uliza, "Ya gari ni ipi?" na ugomvi utaisha.

Kuhakikisha kwa mtu wa pili kuna adabu yake pia. Usimwulize wa pili wa kwanza akikuona. Umemshukuru mzee, kisha hatua tatu mbele unamsimamisha mwingine, hiyo ni kumwambia mzee hukumwamini. Nenda mpaka kona ya kwanza, ama penye njia panda, hapo uliza tena, na uulize kama mtu ambaye hajui chochote. Usimwambie "kule nyuma wameniambia nipinde hapa." Ukisema hivyo unamlazimisha achague kati ya kukusaidia wewe na kumkosoa jirani yake, na jirani ndiye atabaki naye wewe ukienda zako.

Wakitofautiana, usipige kura. Rudi kwa kile walichokubaliana. Kama wote wamesema Ndori na wametofautiana baada ya Ndori, nenda Ndori, uulize hapo. Kadiri unavyokaribia mahali ndivyo watu wanavyopajua, na majibu huanza kufanana. Ukiona unakaribia na majibu yanazidi kutofautiana, simama, huenda jina unalolitaja si lile unalolitaka. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili pale Luanda ya Vihiga: mahali ambapo kila mtu anapaswa kujua feri, hakuna aliyekuwa akielekeza upande mmoja.

Nitasema pia mipaka yake. Giza likiingia, haya yote yanapungua nguvu, kwa sababu huoni mkono wala uso, na anayekufuata kukuonyesha njia ya mkato hujui nia yake. Saa hizo uliza mahali penye taa na watu, na kama jibu ni "twende nikupeleke" kupitia vichochoro, shukuru ubaki kwenye barabara kubwa. Wasichana wananiambia hata mchana hawaulizi hivi ninavyouliza mimi. Wanamtafuta mama, na hawasemi wako peke yao. Naona wako sawa kabisa. Na Google Maps itumie, mimi siipigi vita, ila iandikie jina kamili. Ukiandika Luanda peke yake usilalamike ikikupeleka usikokwenda, haina tofauti na yule makanga.

Kuna mtu atasema basi si rahisi watu wote wajue Kiswahili, ni lugha ya taifa. Sawa. Lakini hata kwa Kiswahili safi, pande zote mbili, "hii ndiyo njia?" ingempeleka rafiki yangu palepale. Makanga wa Kisumu alimwelewa kila neno.

Aliponipigia kuniuliza kama nimefika, nilikuwa Luanda Kotieno tayari, nimesimama kwenye foleni, nikimwuliza kijana aliyekuwa mbele yangu hii foleni ni ya nini. Akasema ni ya feri, na ya mashua ni ile pale, akanyoosha mkono.